Jinsi ya kumwandalia mtoto maneno ya kumuaga mnyama anayebaki familia inapohama nchi

Mwongozo huu ni wa mzazi au mlezi ambaye familia yake inahamia nchi nyingine, ambaye amekwisha kumpatia mnyama wa nyumbani makao mapya, na ambaye sasa anataka mtoto awe na maneno ya kumuagia. Nazungumzia ukurasa mmoja tu, unaosomwa kwa sauti mbele ya mnyama kabla hajakabidhiwa. Ili hatua zieleweke, tutafuata mfano mmoja tangu mwanzo hadi mwisho: mtoto wa kike mwenye miaka saba, paka jike wa miaka minne aitwaye Chausiku, na mlezi mpya ambaye ni mama mzee anayeishi mtaa uleule, ambaye mtoto humwita Bibi.

Kabla ya kushika kalamu, ni vyema kutambua kwamba kumuaga mnyama aliyetolewa si sawa na kumuaga mnyama aliyekufa. Chausiku yu hai. Usiku wa siku ya kuagana atakula, atalala, na kesho yake ataamka katika nyumba nyingine. Watu wazima, wanapokosa maneno, huazima yale ya msibani: “pumzika kwa amani”, “umetuacha”, “tutaonana mbinguni”. Mtoto ambaye bado hajaelewa vizuri kwamba kifo hakina kurudi huchanganyikiwa na maneno hayo, na yule anayeelewa huanza kushuku kwamba paka amekufa na yeye anafichwa. Zaidi ya hayo, hapa anayeondoka si mnyama. Sisi ndio tunaoondoka, na sentensi hiyo, ambayo wakubwa wengi huikwepa, ndiyo inayoubeba ukurasa mzima.

Hatua ya kwanza: weka sawa ukweli wako mwenyewe

Maneno ya mtoto hayawezi kuwa ya kweli kuliko yale aliyoambiwa. Kwa hiyo jibu kwanza maswali matatu wewe mwenyewe: mnyama anakwenda kwa nani, atakaa wapi, na kwa nini haendi nasi. Mawili ya kwanza ni mepesi iwapo mlezi mpya amepatikana kweli. Iwapo bado hajapatikana, usimwandikishe mtoto barua yoyote, subiri. Simulizi ya “shamba kubwa lenye wanyama wengi” ambalo hakuna aliyelitaja kwa jina huaminika kwa muda tu, kisha mtoto akikua huwa jambo la pili la kusamehewa.

Swali la tatu lina ugumu wake. Mara nyingi sheria za nchi ya kwenda ndizo sababu halisi. Kwa mfano, paka au mbwa anayeingia katika nchi za Umoja wa Ulaya kutoka nchi ambayo haimo katika orodha yao lazima awe na kitambulisho cha kielektroniki kilichopandikizwa chini ya ngozi na awe amechanjwa dhidi ya kichaa cha mbwa. Angalau siku 30 baada ya chanjo huchukuliwa damu ili kupima kama kingamwili zimefika kiwango kinachotakiwa, kisha, matokeo yakiwa mazuri, ni lazima ipite miezi mitatu tangu damu ilipochukuliwa ndipo mnyama aingie. Familia iliyopata kibali cha kuhamia na kutakiwa kuripoti kazini baada ya wiki sita haiwezi kuukamilisha mlolongo huo. Hiyo ni sababu ya kweli, na mtoto wa miaka saba anaweza kuielewa ikiwekwa katika sentensi mbili.

Lakini kama sababu yenu ni kwamba nyumba mtakayopanga hairuhusu wanyama, au kwamba gharama ya kumsafirisha imewashinda, semeni hivyo. Msijifiche nyuma ya sheria ambayo hamkuiuliza. Mtoto ana mantiki kali katika mambo kama haya: ukimwambia tatizo ni chanjo, atakuuliza kwa nini paka asichanjwe leo na kufuata baadaye, na hapo utalazimika kutunga uongo wa pili. Kipimo cha sababu nzuri ni kwamba inasimama hata baada ya maswali matatu ya “kwa nini” yanayofuatana.

Hatua ya pili: kusanya maneno kutoka kwa mtoto

Usianze kwa kumuuliza mtoto anajisikiaje. Atasema “vibaya”, kisha atanyamaza, na wewe utabaki na ukurasa mtupu. Muulize mambo anayoyajua kuliko mtu yeyote nyumbani. Chausiku hupenda kulala wapi? Unajuaje kwamba ana njaa? Anaogopa nini? Ni jambo gani ambalo mgeni atakosea akimshika? Andika majibu kama yalivyotoka kinywani mwake, hata kama sarufi imeyumba, kwa sababu baadaye maneno hayo ndiyo yatakayomfanya autambue ukurasa kuwa wake.

Mtoto wetu wa mfano alijibu hivi. Chausiku hulala juu ya nguo zilizotoka kuanuliwa, zikiwa bado na joto la jua. Akiwa na njaa hakai karibu na sahani yake, bali hukaa mlangoni pa jiko na kutazama. Hanywi maji ya bakuli yakiwa yamekaa karibu na chakula. Hukimbilia chini ya kitanda mtu akivuta kiti sakafuni. Hupenda kukunwa chini ya kidevu, lakini akilala chali na kuonyesha tumbo hataki kuguswa hapo. “Anaonyesha tu”, alisema mtoto, ambaye alilijua hilo kwa kuparuzwa.

Tazama uzito wa majibu haya. Kila moja ni jambo ambalo Bibi atalihitaji wiki ya kwanza. Ukurasa wa kuaga unaojengwa juu yake humweka mtoto katika nafasi ya mtu anayekabidhi kitu anachokifahamu, badala ya mtu anayenyang’anywa. Kwa maoni yangu hii ndiyo sehemu yenye nguvu kuliko maneno yote ya upendo, na ndiyo inayostahili kuchukua nusu ya ukurasa.

Hatua ya tatu: mwache aandike rasimu yake, kisha isome polepole

Sasa mpe mtoto karatasi, au mwandikie anachokitamka kama hajui kuandika. Usimwelekeze. Rasimu ya kwanza ya mtoto wetu ilikuwa hii:

“Chausiku usilie. Nitarudi kukuchukua nikiwa mkubwa. Samahani nilikuvuta mkia. Usinisahau. Ukinisahau nitakasirika. Nakupenda sana.”

Mistari hiyo michache ina mambo matatu ambayo mzazi anapaswa kuyashughulikia, na kila moja lina dawa yake.

La kwanza ni ahadi. “Nitarudi kukuchukua nikiwa mkubwa” inasikika vizuri, na mzazi mwenye huruma huiacha ipite. Hebu tuihesabu. Mtoto akifika miaka 18, Chausiku atakuwa na miaka 15, umri ambao paka wengi wa nyumbani hawaufikii au wanaufikia wakiwa dhaifu. Ahadi hiyo, basi, inakuja kudaiwa wakati uleule ambao mnyama ana uwezekano mkubwa wa kuwa amekufa au kuwa mzee asiyeweza kuhamishwa. Tena, kwa miaka yote hiyo Chausiku angekuwa paka wa kuazimwa tu nyumbani kwa Bibi. Usimwambie mtoto kwamba amesema uongo. Muulize, “Ni jambo gani unaloweza kulifanya kweli hata ukiwa mbali?” Jibu lake, kwa kawaida, litakuwa dogo na linalotekelezeka: nitaitazama picha yako, nitamuuliza Bibi habari zako.

La pili ni lawama, nayo imejificha. Kwa nini mtoto ameomba radhi kwa kuvuta mkia? Watoto wadogo huamini kwa urahisi kwamba mambo makubwa yanayotokea yamesababishwa na wao, hivyo inawezekana anadhani paka anatolewa kwa sababu yeye hakumtunza vizuri. Usiifute radhi hiyo. Ni yake, na ana haki ya kuitoa. Itenganishe tu na sababu ya kuondoka. Weka katika ukurasa sentensi inayosema wazi nani aliamua: “Baba na Mama ndio walioamua.” Mzazi hujisikia vibaya kuiandika sentensi hii, lakini inamtua mtoto mzigo ambao si wake, na bora mtoto amkasirikie mzazi aliye karibu kuliko kujikasirikia mwenyewe kimyakimya.

La tatu ni kumwagiza mnyama jinsi ya kujisikia: usilie, usinisahau. Mnyama hawezi kutii, na mtoto atabaki akijiuliza kama ametii. Akiambiwa siku moja kwamba Chausiku sasa hulala miguuni pa Bibi kila usiku, habari ambayo ingepaswa kuwa njema itakuwa usaliti. Geuza sentensi imhusu msemaji: “Mimi nitakukumbuka.” Kisha ongeza ruhusa, ambayo watoto huiona ngumu mwanzoni: “Unaweza kumpenda Bibi.” Kama mtoto hataki kuisema, usimlazimishe. Iache pembeni na umuulize tena baada ya siku mbili.

Hatua ya nne: andikeni pamoja ukurasa wa mwisho

Ukurasa uwe wa kusomeka ndani ya dakika mbili. Anza na jina la mnyama, eleza kilichotokea na nani aliamua, kisha ingia katika mambo anayoyajua mtoto, mtaje mlezi mpya, na umalize kwa kuaga waziwazi. Neno “kwaheri” lisikosekane, kwa maana ndilo linalomjulisha mtoto kwamba tendo limekamilika. Sentensi ziwe zile ambazo mtoto anazitamka bila kukwama. Akikwama mara mbili mahali pamoja, tatizo liko katika sentensi. Ukurasa wa mfano wetu ulikuja kuwa hivi:

“Chausiku, ni mimi. Tunahamia nchi nyingine. Baba na Mama ndio walioamua, kwa sababu ya kazi. Wewe huwezi kuja, kwa sababu nchi hiyo inataka paka apimwe damu kisha asubiri miezi mingi, na sisi tunaondoka kabla ya hapo. Hujafanya kosa lolote. Na mimi sijafanya kosa.

Utakaa kwa Bibi. Nimemwambia kwamba unapenda kulala juu ya nguo zilizotoka juani. Nimemwambia kwamba ukikaa mlangoni pa jiko una njaa, na kwamba maji yako yawekwe mbali na chakula. Nimemwambia asivute kiti kwa kelele. Nimemwambia tumbo lako unaonyesha tu, lisiguswe, ila chini ya kidevu ruksa.

Samahani kwa siku ile niliyokuvuta mkia. Asante kwa kulala chumbani kwangu nilipokuwa na homa.

Bibi atakuwa anakukuna badala yangu. Unaweza kumpenda. Mimi nitakukumbuka, na nitamuuliza Bibi habari zako. Kwaheri, Chausiku. Kwaheri, paka wangu.”

Utaona kwamba neno “nakupenda” halimo. Mtoto ndiye aliyelitoa, akasema kwamba Chausiku anajua. Lingekuwamo lisingeharibu kitu, lakini wakubwa wana tabia ya kulirudisha kila mahali, na hapo ukurasa huanza kuwa wao.

Kwa mtoto wa miaka mitatu au minne, ukurasa huu ni mrefu mno. Mistari mitatu inatosha: unakwenda kwa Bibi, Bibi atakulisha, kwaheri. Achore picha ya mahali paka anapopenda kulala na picha hiyo ipelekwe kwa Bibi. Kijana wa miaka 13, kwa upande wake, huenda akataka kuandika peke yake na asikuonyeshe. Mwache. Jukumu lako kwake ni ile hatua ya kwanza tu.

Hatua ya tano: chagua wakati na mahali pa kusoma

Mahali pabaya kuliko pote ni mlangoni, mizigo ikiwa tayari na gari likisubiri. Pangeni makabidhiano wiki moja au mbili kabla ya safari, ili mtoto apate kusikia, akiwa bado katika nyumba anayoifahamu, kwamba Chausiku amekula na amelala. Usomaji ufanyike siku hiyo ya makabidhiano, kabla kizimba cha kumbebea hakijatolewa, kwa sababu paka wengi wakikiona tu hujificha na kuaga kunageuka kuwa msako chini ya vitanda.

Someni baada ya paka kula, anapoanza kusinzia mahali pake pa kawaida. Mtoto akae sakafuni karibu naye, asimbane mikononi. Paka aliyebanwa hujinasua na kuondoka, na mtoto huiona hiyo kuwa kukataliwa. Mwambie mapema kwamba Chausiku akinyanyuka katikati ya kusoma hajachukia, ni paka tu, na kwamba anaweza kumalizia akiwa amemtazama mgongo. Mbwa ana tatizo lililo kinyume: huisoma sauti na mwili wa mtu, na mtoto akilia sana mbwa huhangaika na kumlamba usoni hadi kusoma kushindikane. Kwa mbwa, matembezi marefu kabla ya kusoma husaidia kumtuliza.

Mtoto atauliza, “Atanisikia?” Jibu lililo sahihi ni kwamba atasikia sauti, na si maana ya maneno. Watafiti wa Japani walionyesha mwaka 2013 kwamba paka huitofautisha sauti ya mtu wao na sauti za wageni, na mwaka 2019 kwamba hulitambua jina lao katikati ya maneno mengine. Ndiyo sababu ukurasa unaanza kwa jina na unamalizika kwa jina, na ndiyo sababu unasomwa na mtoto mwenyewe kwa sauti yake ya kila siku.

Andaa nakala mbili. Moja anapewa Bibi, kwa kuwa aya ya pili ni maelekezo ya kazi. Nyingine inasafiri katika begi la mkononi la mtoto, wala si katika masanduku yanayotangulia kwa meli. Pamoja na nakala ya Bibi peleka kitambaa au fulana ya mtoto ambayo haijafuliwa, iwekwe mahali paka atakapolala, kwa sababu harufu anayoijua humtuliza mahali pageni. Na kwa kuwa Bibi yuko mtaa uleule, mkumbushe kumfungia Chausiku ndani kwa wiki chache za mwanzo. Paka aliyehamishwa karibu hurudi kwenye nyumba ya zamani, ambayo punde itakuwa imefungwa na haina mtu wa kumpokea.

Hatua ya sita: sikiliza kilichobaki bila kusemwa

Siku zinazofuata zitakuonyesha kama maneno yalitosha. Mtoto akiuliza usiku, “Tutamrudisha lini?”, ahadi bado inaishi mahali fulani, labda katika jambo ulilolitamka wewe mwenyewe ukiwa unambembeleza. Rudieni sentensi ya ukurasa: tumeaga, na Chausiku sasa ni paka wa Bibi.

Dalili nyingine wazazi wengi huipita kwa furaha. Mtoto anakuwa mtiifu ghafla, anakunja nguo bila kuambiwa, anaomba radhi kwa kumwaga maji kidogo. Huenda anawaza kwamba familia inayoweza kumwacha paka inaweza kumwacha na yeye. Usingoje aulize. Mwambie kwa maneno yaliyo wazi kama ya ukurasa: “Wanyama hupata walezi wapya wakati mwingine. Watoto wetu hatuwatoi. Unasafiri nasi, na kiti chako ni hiki hapa,” kisha umwonyeshe jina lake kwenye tiketi.

Kubaliana na Bibi kuhusu habari. Picha moja kabla ya safari, kisha nyingine atakapoweza. Msiweke ratiba ya kila wiki, kwa maana wiki ya kwanza itakayorukwa mtoto ataitafsiri kuwa msiba. Chausiku akipotea au akifa, Bibi ampigie mzazi kwanza kwa simu, asitume ujumbe ambao mtoto anaweza kuufungua, na mzazi amweleze mtoto ukweli siku hiyohiyo. Mwombe pia asimbadilishe jina. Na mtoto akitaka kuandika tena akiwa ugenini, barua hiyo ya pili imwendee Bibi: amuulize kama Chausiku amekubali kunywa maji, na analala wapi siku za mvua ambapo hakuna nguo zilizotoka juani.